Mwanafunzi amelipa, somo halifunguki

Nimejenga tovuti kadhaa za kuuza kozi, nyingi kwa WordPress na WooCommerce, na hakuna lalamiko nililolisikia mara nyingi kuliko hili: "Nimelipa, mbona somo bado limefungwa?" Risiti anayo na pesa imeingia kweli.

Anza kwa kuangalia oda yake. Mara nyingi utaikuta imekwama kwenye `Processing`. Kozi ikiwekewa alama ya `Virtual` peke yake, oda husubiri hapo mpaka mtu aikamilishe kwa mkono, na plagini nyingi za kozi hazifungui masomo mpaka ifike `Completed`. Ukiongeza alama ya `Downloadable`, hata kama huna faili la kupakua, malipo yakithibitishwa oda inajikamilisha yenyewe.

Ikiwa bado iko `Pending payment`, basi taarifa ya malipo haijaifikia seva yako. Hapa ndipo wengi hutegemea ukurasa wa "Asante kwa kulipa" ufungue kozi. Mimi siukubali mpango huo: mnunuzi akifunga kivinjari kabla ya kurudishwa kwenye tovuti, amekosa somo; na aliyeijua anwani ya ukurasa huo anaweza kuingia bure. Kozi ifunguliwe na ujumbe unaotumwa na seva ya kampuni ya malipo kwenda kwa seva yako, baada ya kuhakiki sahihi yake. Ujumbe huo unaweza kuja mara mbili, kwa hiyo seva iangalie kwanza kama oda hiyo imeshashughulikiwa. Kujaribu ni rahisi: lipa, kisha funga kivinjari papo hapo. Baada ya dakika chache ingia kwenye akaunti yako uone kama kozi imefunguka.

Sasa video. Kufunga ukurasa wa somo hakufungi video iliyomo. Ukiipakia kwenye tovuti yenyewe, inakaa ndani ya `wp-content/uploads`. Nakili anwani yake, ibandike kwenye kivinjari ambacho hujaingia akaunti, na itacheza bila kuuliza chochote. YouTube ya `Unlisted` nayo humfungukia yeyote mwenye kiungo. Tena kuna uzito: dakika 10 kwa megabiti 5 kwa sekunde ni takribani MB 375, na wanafunzi 100 wakiitazama mara moja moja umeshatoa zaidi ya GB 37.

Tafuta huduma ya video inayotoa viungo vyenye muda wa kuisha. Muda huo uzidi urefu wa somo kwa nafasi ya kutosha, la sivyo anayesimamisha kuandika dondoo atarudi akute video imegoma. Hii ni sababu mojawapo ya mimi kukata masomo yawe ya dakika 6 hadi 10 (nyingine ni kwamba somo likipitwa na wakati narekodi upya kipande kimoja tu). Anayerekodi skrini yake simfukuzii, hazuiliki.

Kabla ya kuanza kuuza, jirudishie pesa ya ile oda ya majaribio, kisha uone kama kozi inajifunga.