Kadi ya Krismasi Yenye Tarehe

Krismasi moja nilimtumia shangazi yangu, mjane anayeishi peke yake karibu na Chavakali, kadi niliyoinunua mjini Nakuru, na ndani yake nikaandika kwamba ningefika kumwona "hivi karibuni". Kwangu hayo yalikuwa maneno ya adabu ya kufungia salamu. Kwake yalikuwa miadi. Nilipofika mwezi wa Machi, jirani alinisimulia kwamba jogoo alikuwa amefungwa mguu kando ya jiko Jumamosi tatu mfululizo, akifunguliwa jioni magari yalipopungua barabarani. Shangazi mwenyewe hakulitaja jambo hilo. Aliniuliza tu kama nimekula.

Tangu hapo siandiki kadi kabla ya kuchagua siku, na siku yenyewe siiweki Desemba. Kuanzia tarehe 20 hivi nauli za kwenda magharibi hupanda sana, na ahadi inayotegemea nauli ya mkesha wa Krismasi huvunjika stendi. Tena wakati huo nyumba ya mzee huwa na wapita njia na kanisa huwa na shughuli; upweke huja Januari, wageni wakisharudi mjini. Kwa hiyo huchagua Jumamosi ya katikati ya Januari, shule zikiwa zimekwisha kufunguliwa na magari yana nafasi, na nauli huiweka kando siku ileile ninayoandika.

Kadi ya mwaka uliofuata ilisema: "Shangazi, heri ya Krismasi. Nitafika kwako Jumamosi tarehe 17 Januari, kabla ya saa sita mchana, Mungu akipenda. Nitalala usiku mmoja. Nitakuletea sukari na miwani yako iliyotengenezwa." Sikuliacha neno "Mungu akipenda", kwa kuwa bila hilo angeniona mwenye majivuno, lakini nililiweka baada ya tarehe, lisije likachukua nafasi yake. Niliandika kwa herufi kubwa na kalamu nyeusi, upande wa ndani usiong'aa, kwa sababu wino hupakaa kwenye karatasi ya kung'aa na macho ya shangazi yana mtoto wa jicho. Niliituma mwishoni mwa Novemba kwa sanduku la posta la kanisa lake, ambalo halifunguliwi kila siku, kisha nikampigia jirani simu aulize kama imefika.

Siku mbili kabla ya safari nilimpigia shangazi mwenyewe. Kama ningeshindwa, simu hiyo ndiyo ingekuwa nafasi ya kumwambia, pamoja na tarehe nyingine papo hapo, kabla hajatumia fedha au kufunga jogoo.

Jumamosi hiyo niliondoka Nakuru alfajiri na kushuka kwenye bodaboda mlangoni pake saa tano na nusu. Jogoo alikuwa amekwisha kuingia sufuriani.