Epidemiki, pandemiki na endemiki: je, zote ni "janga"?

Swali: Mwalimu shikamoo. Natafsiri vipeperushi vya afya, sasa kwenye Kiingereza kuna epidemiki, pandemiki na endemiki na naona watu zote wanaandika janga tu. Nikifanya hivyo nakosea? Na ile endemiki Kiswahili chake ni nini hasa, maana nina sentensi inasema malaria ni endemiki mkoani Kagera na nimekwama hapo siku mbili.

Marahaba mwanangu. Kwanza nashukuru umekwama, maana wengi hawakwami, wanaandika janga wanasonga mbele na msomaji anabaki na picha isiyo sahihi kuhusu ugonjwa unaomhusu yeye mwenyewe. Ndio, unakosea ukiziweka zote janga. Na kwa sababu umeitaja Kagera, basi tubaki hukohuko, maana ule mkoa mmoja una mfano wa maneno yote matatu.

Anza na hili: haya maneno hayapimi ukali wa ugonjwa wala hayahesabu tu ni wangapi wameumwa. Yanauliza ugonjwa upo wapi na je, kiasi chake ni kile tulichokitegemea? Asili yake ni Kigiriki na mkia ni uleule, demos, yaani watu. Epi ni juu ya, ugonjwa umewashukia watu. En ni ndani ya, umo ndani ya watu, unaishi nao. Pan ni wote. Ukishika hizo tatu, umewashukia, umo, umewafikia wote, hutapotea tena.

Sasa Bukoba Vijijini, Machi 2023. Watu kwenye vijiji fulani wanaanza kuumwa homa, kutapika, wengine kutoka damu, wanakufa, na tarehe 21 mwezi huo serikali inatangaza kwamba ni virusi vya Marburg. Mpaka inatangazwa kwisha tarehe 2 Juni waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6. Tisa tu, lakini hiyo ni epidemiki kamili kabisa, na Kiswahili chake ni mlipuko. Kwa nini? Kwa sababu idadi iliyotegemewa ya Marburg pale Bukoba ilikuwa sifuri, Tanzania ilikuwa haijawahi kuutangaza huo ugonjwa hata siku moja, kwa hiyo mgonjwa mmoja aliyethibitishwa na maabara anatosha kuuita mlipuko. Na kwisha kwake nako kuna kipimo, zinahesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, mara mbili ya zile siku 21 ambazo virusi vinaweza kukaa mwilini kabla dalili hazijaonekana. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo, mkoa uleule, na ukaitwa mlipuko mwingine, sio mwendelezo wa ule wa kwanza.

Sasa geuka uitazame malaria mkoa huohuo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliwapima watoto wa chini ya miaka mitano na Kagera ikakutwa na kama asilimia 18 wenye vimelea vya malaria. Hao ni wengi mno kuliko wale tisa wa Marburg, hailinganishiki. Lakini malaria hiyo haiitwi mlipuko, ndio endemiki, kwa sababu imo. Mbu yupo, vimelea vipo, mvua zikinyesha wagonjwa wanaongezeka zikikatika wanapungua, na nesi wa zahanati anajua kabisa mwezi wa tano aagize vipimo vingi kuliko mwezi wa tisa. Kinachotegemeka hicho, hata kikiwa kikubwa na kinaua, sio mlipuko.

Hapa ndo naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo tafsiri zinapoharibika. Watu wakiona endemiki wanaandika "ugonjwa wa kawaida" au "uliozoeleka". Jamani. Mama akisoma malaria ni ugonjwa wa kawaida anaelewa ni kitu cha kumeza panadol na kulala, wakati mwanae anaweza kupoteza fahamu usiku huohuo. Endemiki haina maana ya nyepesi. Wengine wanaandika "ugonjwa wa kienyeji", na hiyo niliikuta kwenye bango moja la afya miaka ya nyuma, niliposoma nikaumia, maana kienyeji kwetu ni kuku wa kienyeji, dawa za kienyeji, mtu anaweza kudhani ugonjwa unatibiwa kwa mganga au kwamba umeletwa na mila za watu wa pale. Kamusi zingine zinakupa "ugonjwa wa mahali fulani", maana sio mbaya ila jaribu kuiweka kwenye sentensi uone inavyoning'inia.

Mimi natumia kitenzi, kujikita. Malaria imejikita Kagera. Ugonjwa uliojikita. Kitu kilichojikita kimeingia ardhini na hakitoki kwa kuvutwa mara moja, na neno lenyewe haliongelei ukali wala wepesi, linasema tu kipo na kimekaa. Ukitaka kumsaidia zaidi msomaji ongeza "mwaka hadi mwaka".

Lakini sasa kuna kitu kinachanganya hata watu wa afya wenyewe: ugonjwa uliojikita unaweza pia kulipuka. Muleba, hukohuko Kagera, sehemu zake ni za miinuko na mbu wanakuja kwa vipindi, 2006 ilipata mlipuko wa malaria, wagonjwa wakazidi sana kile kilichozoeleka, na mwaka uliofuata nyumba zikaanza kupuliziwa dawa ukutani. Utaniuliza sasa wanajuaje kwamba hii sio malaria ya kila mwaka imezidi kidogo tu? Wanajua kwa kitabu. Zahanati ina rejesta yake ya MTUHA, ule mfumo wa serikali wa taarifa za afya, kila mgonjwa ameandikwa, kwa hiyo wanachukua wiki moja, tuseme wiki ya 20, wanaangalia wiki hiyohiyo kwa miaka mitano iliyopita. Tuseme (namba ni za mfano tu) walikuwa 22, 31, 18, 40 na 27. Zipange kuanzia ndogo: 18, 22, 27, 31, 40. Wanachukua ya nne kutoka chini, 31, huo ndo mstari. Mwaka huu wiki ya 20 wakija 29 hiyo ni malaria yenu ya siku zote, wakija 35 kengele inalia na wilaya inapigiwa simu. Hawachukui ya juu kabisa kwa sababu ule mwaka wa 40 labda wenyewe ulikuwa wa mlipuko, ukiufanya ndo kipimo utakuja kushtuka umechelewa.

Umeona sasa? Wagonjwa 29 wa malaria sio mlipuko, mgonjwa mmoja wa Marburg ni mlipuko. Ndio maana nakwambia sio wingi, ni wingi ukilinganisha na kilichotegemewa. (Kiingereza kina neno jingine dogo kuliko epidemiki, outbreak, la mlipuko wa eneo moja, sisi yote mawili tunasema mlipuko, na Kenya utasikia mkurupuko, Zanzibar mripuko. Hakuna ubaya, ikibidi andika mlipuko mkubwa.)

Pandemiki je? Rudi 1983. Kagera ndiko waliporipotiwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania, watatu. Watu walikuwa hawana jina lake, wakauita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa mpakani na watu wa magendo, maana waliona waliokuwa wakifanya ile biashara ndio wanakonda na kufa. Kwa mtu wa Kagera siku hizo ule ulikuwa mlipuko, kitu kigeni kimewashukia. Lakini ugonjwa huohuo ulikuwa Uganda, Kongo, Marekani, Ulaya, ukaenda kila bara, watu wakiambukizana kila walipo na sio wasafiri tu wanaokuja nao. Hiyo ndo pandemiki, mlipuko uliovuka mipaka ukaenea duniani. Korona nayo hivyohivyo, Shirika la Afya Duniani lilianza kuuita pandemiki tarehe 11 Machi 2020, siku ambayo nchi 114 zilikuwa tayari na wagonjwa. Na hapa pia ukali haumo kwenye neno. Mafua ya nguruwe yalitangazwa pandemiki Juni 2009 na waliougua walio wengi walipona nyumbani kwao.

Turudi kwenye janga lako sasa. Kiswahili janga ni balaa, maafa, chochote kinachowaumiza watu kwa pamoja: janga la njaa, janga la moto, janga la mafuriko. Halipimi kuenea, linapima maumivu. Rais Mkapa alipotangaza mwishoni mwa 1999 kwamba UKIMWI ni janga la kitaifa hakuwa anasema pandemiki, na isingewezekana, pandemiki ya taifa moja haipo, alikuwa anasema ni maafa kwa nchi nzima. Korona ndo ililivuta neno likawa kama tafsiri ya pandemiki, na kwenye mazungumzo sina ugomvi nalo, ukisema wakati wa janga kila mtu anajua unasema nini. Ila kwenye kipeperushi andika janga la dunia, au mlipuko ulioenea duniani, ili neno dunia lifanye ile kazi ambayo janga peke yake haliwezi.

Na usiandike "ugonjwa wa kuambukiza" mahali pa epidemiki, nimeona hiyo pia. Kuambukiza ni namna unavyompata mtu, kifua kikuu kinaambukiza na kimejikita, sio lazima kiwe kimelipuka.

Sentensi yako basi, ningeiandika: "Malaria imejikita mkoani Kagera, ipo mwaka hadi mwaka, na inaua." Hiyo ya kuua haimo kwenye Kiingereza chako najua, kama bosi wako atakataa itoe, ila usikubali akurudishie "ya kawaida".