Kipengele cha ix ni cha ngapi?

*Mimi ni katibu wa kikundi cha wachuuzi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Katiba yetu ina vipengele vilivyopangwa kwa namba za Kirumi, cha mwisho ni xliii. Kwenye kikao nilisoma ix kuwa kumi na moja, wanachama wakanikatalia. Nilipofika xl nikakwama kabisa. Namba hizi zinasomwaje? Na niseme "kipengele moja" au "kipengele cha kwanza"?*

Ndugu Katibu, wanachama walikuwa sahihi: ix ni tisa. Nadhani ulijumlisha. Uliona i, ambayo ni moja, ukaona x, ambayo ni kumi, ukaziweka pamoja. Kujumlisha huko kungefaa kama ungekuwa unasoma xi, ambayo kweli ni kumi na moja. Herufi ni zilezile mbili, ila katika xi ndogo inaifuata kubwa, na katika ix ndogo imeitangulia kubwa. Ndogo ikifuata, inaongeza. Ikitangulia, inapunguza.

Neno la kupunguza huko tunalo midomoni kila siku. Mshale mrefu wa saa ukikaribia kumi na mbili hatuhesabu dakika zote zilizopita, tunasema saa tatu kasoro dakika kumi, au saa tatu kasorobo. Tunaitaja saa inayokuja, kisha tunataja kilichopungua. Warumi waliandika hivyohivyo, tofauti ni kwamba kilichopungua walikiweka mbele. Kwa hiyo iv isome moyoni "tano kasoro moja", upate nne. Na ix ni "kumi kasoro moja", yaani tisa.

Herufi zenyewe ni saba: i ni 1, v ni 5, x ni 10, l ni 50, c ni 100, d ni 500, m ni 1000. Ziwe kubwa au ndogo, thamani haibadiliki. Katiba yenu inahitaji nne za kwanza tu, maana haifiki hata hamsini.

Sasa tuirudie ile xl iliyokukwamisha. Kumi imetangulia hamsini, basi ni hamsini kasoro kumi: arobaini. Kipengele kilichoitangulia ni xxxix, na hapa ndipo wengi hujichanganya, kwa sababu x zimekuwa nne na i imejificha katikati. Chukua kalamu, pita kutoka kushoto ukitafuta mahali ambapo herufi ndogo imesimama mbele ya kubwa, upigie mstari jozi hiyo. Katika xxxix utaipata moja tu, ix ya mwisho. Hiyo ni tisa. Zilizobaki ni x tatu, thelathini. Jumla ni thelathini na tisa. Kwa xliii, jozi ni xl, arobaini, na zinazobaki ni i tatu: arobaini na tatu.

Njia hii inafanya kazi hata kwenye miaka. Ukikutana na MCMXIV, pigia mstari CM, ambayo ni elfu kasoro mia, yaani mia tisa, kisha IV, ambayo ni nne. Zimebaki M ya mwanzo na X ya katikati. Elfu moja, mia tisa, kumi, na nne: 1914, mwaka ambao Reli ya Kati ilifika huko kwenu Kigoma.

Kuna mpaka mmoja ambao Mswahili anapaswa kuushika, kwa kuwa "kasoro" yetu ni huru kuliko ya Kirumi. Sisi twaweza kusema mia kasoro moja na kila mtu akaelewa ni tisini na tisa. Kwa Kirumi huwezi kuandika IC. Moja hupunguzwa kwenye tano na kumi tu, kumi hupunguzwa kwenye hamsini na mia tu, na mia hupunguzwa kwenye mia tano na elfu tu. Jozi za kasoro ni hizo sita, hakuna ya saba. Sababu ni kwamba namba ya Kirumi hujengwa kipande kwa kipande, mamia yakiwa peke yake, makumi peke yake, mamoja peke yake. Ukiitamka kwa Kiswahili utavisikia vipande hivyo: arobaini na tisa ni xl kwa arobaini, kisha ix kwa tisa, basi xlix. Tisini na tisa ni xc, kisha ix: xcix. Binafsi nawafundisha watu waanze na matamshi ya Kiswahili kabla ya kugusa kalamu, kwa sababu "na" yetu inawaonyesha mahali pa kukata.

Kwa hiyo ukiona iix kwenye nakala ya katiba, jua mwandishi alikosea; nane ni viii. Vilevile viiii si tisa sahihi, kwa kuwa herufi moja hairudiwi zaidi ya mara tatu mfululizo. Saa nyingi za ukutani huandika IIII mahali pa nne, lakini hiyo ni desturi ya nyuso za saa, usiihamishie kwenye katiba.

Kuhusu kutamka, sema "kipengele cha kwanza". Namba iliyo mbele ya kipengele inaonyesha nafasi yake katika mpangilio, haihesabu vipengele viko vingapi. Moja hugeuka kuwa kwanza, mbili hugeuka kuwa pili, nyingine hubaki kama zilivyo: cha tatu, cha nne, cha tisa. Mgeuko huo unaishia hapo. Kipengele cha xi ni cha kumi na moja, si "cha kumi na kwanza", na cha xii ni cha kumi na mbili, si "cha kumi na pili". Wala usiseme "kipengele cha kumi na viwili". Viwili ni vya kuhesabia: vipengele kumi na viwili vimepitishwa, lakini tunajadili kipengele cha kumi na mbili. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika kwa majina ya mapapa: Yohane Paulo II ni wa Pili, Leo XIV ni wa Kumi na Nne.

Kabla ya kusoma orodha yoyote kikaoni, tazama majirani wa namba unayoitilia shaka. Kwenye fotokopi iliyofifia, l hufanana na i, na xli ikasomeka xii. Kama iliyotangulia ni xl, basi hiyo ni arobaini na moja. Hatari kubwa zaidi iko kwenye orodha zilizopangwa kwa herufi. Ukikuta (i) baada ya (h) na kabla ya (j), hiyo si namba ya Kirumi hata kidogo, ni herufi i, na kipengele chenyewe ni cha tisa katika orodha yake. Hapo soma "kipengele i", kama unavyotamka herufi. Ukisema "cha kwanza", wanachama watafungua ukurasa mwingine kabisa.