Bei imepanda au mmeipandisha? Barua pepe za karani mpya na vitenzi vinne vya Kiingereza

Ukiajiriwa kwa muuzaji wa jumla hapa Nakuru, iwe ni chakula cha mifugo, mbolea au mabati, barua pepe nyingi utakazoandika zitahusu mambo matatu: bei imebadilika, mteja ana malalamiko, au kuna stakabadhi inayotafutwa. Ofisini mtaongea Kiswahili kutwa nzima, lakini barua itatoka kwa Kiingereza. Hapo ndipo "raise" na "rise", "lay" na "lie" huwasumbua vijana wanaoanza, hata wale waliotoka shule na alama za kujivunia. Kompyuta nayo haikuokoi sana, kwani maneno yote hayo ni halali na mara nyingi mstari mwekundu hautokei.

Tuchukue barua moja ya mfano, ya aina ambayo karani mgeni humwandikia mteja mwenye agroveti kule Kakamega:

"Dear Customer, please note that the price of dairy meal, 70 kg bag, has raised from 2,600 to 2,750. We have also rose the transport charges. The complaint which rose last week is being handled. Your delivery note is still laying in our office."

Sentensi nne, makosa manne, na mteja ataelewa kila kitu. Ndiyo maana makosa haya yanadumu: hakuna anayekurudishia barua. Lakini sentensi ya kwanza ina tatizo linalozidi sarufi, kwa hivyo nitakaa nayo zaidi.

Kumbuka ule mnyambuliko wa vitenzi mliofanyishwa shuleni. Bei inapanda; mfanyabiashara anapandisha bei. Kitenzi cha kwanza kinajitosheleza, cha pili kinadai shamirisho, yaani kitu kinachopandishwa. Kiingereza kina jozi hiyohiyo. "Rise" ni kupanda, "raise" ni kupandisha. Kwa hivyo ukiandika "the price has raised", umeandika "bei imepandisha", na msomaji makini atauliza: imepandisha nini? Sahihi ni "the price has risen", bei imepanda, au "we have raised the price", tumepandisha bei.

Kuna njia ya tatu, "the price has been raised", bei imepandishwa. Hii inakubalika kwa sababu kitu kinachopandishwa kinaweza kupandishwa na mtu. Ila "the price was risen" haiwezekani kabisa. Itafsiri uone: "bei ilipandwa". Mti hupandwa, bei haipandwi. Sikio lako la Kiswahili linakataa papo hapo, na katika suala hili la bei liamini kuliko kanuni ulizokariri.

Kinachowapoteza wengi ni "increase". Kitenzi hicho hufanya kazi zote mbili: "prices have increased" ni sawa, na "we have increased prices" ni sawa pia. Mtu akishazoea hivyo anadhani "raise" nayo hukubali pande zote. Haikubali. Lakini hapo pia pana mlango wa dharura: bosi akisimama nyuma ya kiti chako akingoja barua itoke na huna uhakika, andika "increase" uendelee na kazi. Si aibu, hata wazee wa ofisi hufanya hivyo.

Umbo la wakati uliopita halina ujanja, ni la kukariri tu. "Raise" haina shida: "raised", "have raised". "Rise" hugeuka: "rose" ikisimama peke yake, "risen" ikitanguliwa na "has", "have" au "had". Kwa hivyo "prices rose in March", lakini "prices have risen since March". Ile "we have also rose the transport charges" imekosea mara mbili, kwa umbo na kwa kitenzi, maana gharama ya usafiri ndiyo iliyopandishwa: "we have also raised the transport charges".

Sasa nirudi kwa lile linalozidi sarufi. Kati ya "the price has risen" na "we have raised the price", zote zikiwa sahihi, uandike ipi? Mteja wa Kakamega atazisoma tofauti. Ya kwanza inamwambia bei imepanda kama maji ya mto, hakuna wa kuulizwa. Ya pili inamwambia mmekaa mkaamua. Makarani wengi hukimbilia ya kwanza kwa sababu inasikika ya upole. Mimi naona ni upole wa uongo. Bei ya gunia lenu ni nyinyi mnaoipanga, na mteja anajua hivyo. Ukimwambia imepanda yenyewe, atapiga simu kuuliza mbona ya jirani yenu haijapanda.

Barua bora hutumia vitenzi vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Kilicho nje ya uwezo wenu kinapanda, na uamuzi wenu unapandisha: "The cost of maize germ and sunflower cake has risen, and we have therefore raised the price of dairy meal from 2,600 to 2,750 per 70 kg bag." Mteja anaona sababu, anaona uamuzi, anaona kiasi. Anaweza kukasirika bado, lakini hatakasirishwa na barua.

Ukiwa hapo kwenye kiasi, chunga vineno viwili vidogo. "Raised by 150" ni nyongeza, "raised to 2,750" ni bei mpya. Karani akiandika "raised by 2,750", amemwambia mteja kwamba gunia sasa ni 5,350. Mteja mwenye akili atajua ni kosa. Mteja mwenye hasira atalichapisha na kuja nalo.

Kwa upande wa malalamiko, kipimo cha kupanda na kupandisha hakitoshi, kwa sababu kwa Kiswahili lalamiko halipandishwi. Tumia ibua na ibuka. Mteja anaibua suala: "the customer raised a complaint". Suala linaibuka, na hapa Kiingereza kinataka kitenzi cha tatu, "arise", chenye maumbo "arose" na "arisen": "the issue arose during offloading". Kwa hivyo "the complaint which rose last week" iwe "the complaint you raised last week". Nimeweka "you" makusudi. Mteja aliyelalamika anataka kuona kwamba mnakumbuka ni yeye aliyelalamika. Ukiandika "the complaint which arose" sarufi ni safi, lakini ni kama lalamiko limeota ukutani.

"Raise" hiyohiyo ndiyo inayotumika kwa kuandaa hati. Mtu wa manunuzi akikuambia "please raise an invoice" au "we will raise an LPO", hakuna kinachoinuliwa popote. Anataka ankara itayarishwe, au anaahidi kuandaa hati ya kuagiza bidhaa. Usimjibu "the invoice has risen". Jibu "the invoice has been raised", kisha uiambatishe, maana hilo la kuambatisha ndilo husahaulika zaidi.

Tufike kwa makaratasi. "Lie" ni kulala, "lay" ni kulaza, au kwa lugha ya ofisi, kuweka. Sisi wenyewe husema faili limelala mezani kwa meneja wiki mbili, na Kiingereza husema vivyo hivyo: "the file has been lying on the manager's desk for two weeks". Mwenye kuweka ndiye "lay": "I laid the delivery notes on your desk". Katika Hansard ya Bunge la Kenya utakuta kichwa "PAPERS LAID", yaani hati zilizowekwa mezani. Zimewekwa na mtu, hazikujilaza. Basi hati yenu ya kupokelea mzigo haiwezi kuwa "laying in our office". Kuku anayetaga ndiye "laying", na kwa muuzaji wa chakula cha kuku neno hilo lina kazi yake tayari. Hati iko "lying".

Kiingereza kimeweka mtego hapa. Wakati uliopita wa "lie" ni "lay", neno lilelile ambalo kwa wakati uliopo lina maana ya kuweka. "The documents lay in the store until Friday" ni sahihi kabisa: zililala stoo hadi Ijumaa. Kumbe "we lay the documents in the store every Friday" ni sahihi pia: huziweka huko kila Ijumaa. Kinachozitenganisha ni shamirisho. Baada ya "lay" tafuta kitu kinachowekwa. Ukikikosa, basi ni "lie" ya jana. Umbo la "have" ni "lain", na sijui ni lini mara ya mwisho niliona karani, mgeni au mkongwe, akilitumia. Andika "have been lying", au acha mambo ya kulala kabisa useme "have been on your desk since Monday".

Usijaribu "lied". Hiyo ni ya uongo tu. "The invoice lied on your desk" inamaanisha ankara ilidanganya, tena juu ya meza ya mtu.

Msemo mmoja wa malalamiko unafaa uukariri mzima: "the fault lies with", kosa liko kwa fulani. Wengi huandika "the fault lays with your driver". Kosa halimlazi mtu, linakaa tu mahali, kwa hivyo ni "lies". Ukitaka kumtupia mtu lawama ndipo "lay" inakuja, kwa sababu lawama ni kitu kinachowekwa juu ya mtu: "we do not lay the blame on the driver".

Kwa vipimo hivyo, barua ya Kakamega inatoka hivi:

"Dear Customer, the cost of maize germ and sunflower cake has risen, and we have therefore raised the price of dairy meal from 2,600 to 2,750 per 70 kg bag. We have also raised the transport charges. The complaint you raised last week is being handled; the fault lies with our store, where your delivery note has been lying unsigned. A signed copy is attached."

Ile sentensi ya kosa kuwa la stoo yetu, muulize meneja kwanza kabla hujaituma.