Maswali na majibu: shairi kutoka kwenye skrinishoti

Nimetumiwa shairi kwenye skrinishoti ya simu. Beti zina mistari minane, mmoja mrefu mmoja mfupi. Niandike hivyohivyo?

Usiandike kwanza. Nina shaka kubwa kwamba mistari hiyo imekatwa na skrini, si na mshairi. Tuseme ubeti wako unaonekana hivi (huu nimeutunga kwa ajili ya mfano tu, usiuhukumu):

```
Nimekaa dirishani, taa
ikinimulika,
Barua i mkononi, machozi
yananitoka,
Aliahidi jioni, mlangoni
atafika,
Nani ajua moyoni, ni vipi
nasononeka.
```

Safu ndefu kuliko zote ina herufi 25, ukihesabu nafasi na koma. Sasa uliza kila safu swali moja: neno la kwanza la safu ya chini yake lingepata nafasi hapa juu? Baada ya "taa" tayari kuna herufi 22, na "ikinimulika" halingeenea. Basi simu ndiyo iliyolishusha. Lakini baada ya "ikinimulika," kuna nafasi tele, "Barua" lingekaa bila taabu, na bado limeanza chini. Hapo kuna mkono wa mtu. Endelea hivyo hadi mwisho, utabakiwa na mishororo minne.

Kisha hakikisha kwa mizani. "Nimekaa dirishani" ni 8, "taa ikinimulika" ni 8. Mshororo wa pili nao ni 8 kwa 8, mradi usisahau kwamba ile *m* ya "mkononi" ina mizani yake. Vina vya kati vinaangukia *-ni*, vya mwisho *-ka*. Ukikata kwenye "taa" unapata 10 na 6, na kina cha kati kinapotelea katikati ya safu. Hiyo ni tarbia ya kawaida iliyobanwa na kioo chembamba:

```
Nimekaa dirishani, taa ikinimulika,
Barua i mkononi, machozi yananitoka,
Aliahidi jioni, mlangoni atafika,
Nani ajua moyoni, ni vipi nasononeka.
```

Kama safu zote zingekatika palepale penye koma, 8 juu na 8 chini, ningesita. Wako wanaopenda kuandika ukwapi safu yake na utao safu yake, na hapo jibu analo mwandishi mwenyewe.

Na kama ni shairi huru, au wimbo usio na mizani?

Unabaki na kile kipimo cha nafasi, pamoja na herufi kubwa ikiwa mwandishi huanza kila mstari nazo. Yakigongana, mimi huamini nafasi. Tatizo ni mstari uliojaa hadi ukingoni: haujulikani umeishia hapo au umekatwa. Mwombe aliyekutumia aufungue pale alipoutoa, aigeuze simu kwa ulalo, apige skrinishoti upya. Maandishi yatajipanga upya kwa upana mpya, na mikato ya mtunzi haitahama. Kuigeuza picha uliyo nayo hakusaidii chochote.

Mshororo uleule uko mwisho wa picha ya kwanza na mwanzo wa ya pili. Niuandike mara mbili?

Hesabu ubeti. Ikiwa beti nyingine zina mishororo minne na huu unakuwa na mitano, picha zimepandana. Andika mara moja. Kibwagizo hufunga ubeti, kwa hiyo ukikikuta juu kabisa ya picha ya pili na chini yake pana nafasi wazi, hicho ni kilekile cha picha ya kwanza. Kwenye nyimbo kuwa mwangalifu zaidi, maana kiitikio hupenda kurudia mstari. Tazama kilivyoandikwa mahali pengine katika wimbo huohuo.

Nimeandika vizuri kwenye Word, lakini kila mshororo umeachana na mwenzake na beti hazionekani.

Umebonyeza Enter kila mwisho wa mshororo. Kwa Word hiyo ni aya mpya, nayo huiongezea nafasi chini yake. Tumia Shift+Enter mwisho wa mshororo, na Enter mwisho wa ubeti tu. Ukitaka kuona ulichofanya, bonyeza Ctrl+Shift+8: alama ya ¶ ni aya, mshale uliopinda ni mkato wa mstari.

Mtego uko hapa: ukinyoosha maandishi pande zote mbili, mishororo iliyokatwa kwa Shift+Enter hutanuliwa hadi ukingoni na maneno yake huachana vibaya. Shairi lipange kushoto.

Je, nitumie programu ya kutoa maandishi kwenye picha?

Kwa maneno, sawa. Kwa mpangilio, hapana: mara nyingi humeza nafasi kati ya beti, na safu zilizokatwa na simu hukuletea kama zilivyo. Kagua pia alama ya *ng'*, maana hupenda kudondoka, na "ng'oa" likiwa "ngoa" limekuwa neno jingine.