Soda ya oladi siyo ya kunywa: niliyojifunza nikitafsiri mapishi ya Kirusi

Juzi msomaji mmoja aliniuliza: "Dada, hiyo soda unayosema ni ya chungwa au ile nyeupe?" Mpaka leo inaniuma, maana mapishi yale niliyapitia mara tatu kabla ya kuyatoa.

Yalikuwa mapishi ya oladi, vichapati vidogo vinene vya mtindi. Nilifundishwa na mama mwenye nyumba nilipokuwa nasoma mjini Voronezh, Urusi, akaniandikia kwenye karatasi ya daftari: glasi mbili za maziwa ya kuchacha yaitwayo kefiri, yai moja, kijiko kikubwa cha sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, nusu kingine cha soda, glasi mbili za unga wa ngano.

Soda ya Warusi ni bekingi soda. Neno niliona linafanana na letu, nikaliacha lilivyo, nikasahau kwamba kwetu soda hunywewa. Na ukikuta wameandika soda "izimwe" kwa siki, maana yake uidondoshee siki hadi itoe povu. Kwenye oladi hilo halihitajiki, kwa kuwa uchachu wa kefiri unatosha. Kefiri nami niliiita mtindi, na mtindi wetu uliochacha vizuri unafanya kazi ileile.

Glasi ndiyo iliyonitesa zaidi. Ya Warusi, ile yenye pande pande, hubeba mililita 250 ikijaa hadi ukingoni, yaani kama gramu 160 za unga. Mimi nilinunua pakiti ya mtindi ya nusu lita, sawa kabisa na glasi zao mbili, halafu unga nikaupima kwa glasi ya nyumbani ya mililita 300. Unga ukazidi kwa karibu gramu 60. Oladi zikaungua nje, ndani zikabaki mbichi, nikamlaumu mama wa watu bure. Ndugu yangu, kabla hujaandika neno "glasi", pima, uandike mililita na gramu.

Kisha kuna kitenzi. Warusi husema wana"oka" oladi, ingawa wanazipika kwenye kikaango. Nilipotafsiri neno kwa neno, mdogo wangu aliziingiza kwenye oveni, zikatoka bapa na kavu. Nikabadilisha kuwa "kaanga", akazizamisha kwenye mafuta kama maandazi. Sasa naandika kitendo chenyewe: weka mafuta vijiko viwili kwenye kikaango, moto wa wastani, mimina rojo kijiko kimoja kimoja, geuza vitundu vikitokea juu.

Karatasi ya yule mama ilimalizia kwa kusema rojo liwe "kama smetana nzito", ambayo ni malai yao ya kuchacha. Wengi wetu hatujawahi kuiona. Mimi nimeandika: ukiinua kijiko, rojo lidondoke pole pole kwa mafungu mazito, lisitiririke kama la chapati za maji.