Ukuta mrefu au ukuta urefu?

"Jaza: Ukuta ___ (-refu) ___meanguka. Niliandika 'urefu umeanguka', nikakosa. Kwa nini? Na wingi wake?"

Habari ndugu. Kitenzi umepatia, tatizo ni kivumishi. Katika ngeli ya U-ZI, kitenzi huchukua u-, lakini kivumishi cha umoja huchukua m-: Ukuta mrefu umeanguka. "Urefu" ni nomino, kama katika "urefu wa ukuta". Mimi mwenyewe nilipoteza alama hapo, maana "huu" na "wangu" vilinidanganya kwamba kila kitu hufuata u-.

Wingi ni: Kuta ndefu zimeanguka. Hapa kivumishi huchukua n-, kwa hiyo angalia kwanza herufi ya mwanzo ya shina: n- ikikutana na r hutoa nd-, ndiyo maana si "nrefu". Mbele ya k haionekani kabisa, hivyo kuta kubwa. Mbele ya irabu huwa ny-: uzi mwembamba, nyuzi nyembamba.